Stetasi uliyoifuta kabla ya saa 24: nani bado anayo?

*"Nauza mitumba pale Memorial, Moshi. Jana saa mbili na dakika kumi usiku nilitaka kumtumia mume wangu picha ya kitambulisho changu cha NIDA kikiwa juu ya fomu ya mkopo, kumbe ikaingia stetasi ya WhatsApp, nyuma ya picha nne za magauni nilizoweka saa kumi na moja jioni. Nimekuja kugundua saa mbili na dakika hamsini na mbili, walioangalia wameshafika 31. Nikaifuta palepale. Je, imefutika kweli kwa watu wote? Na nitajuaje kama kuna aliyeihifadhi?"*

Pole sana, dada. Swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo, kwa sehemu kubwa. Mtu anayetumia WhatsApp ya kawaida, na ambaye simu yake imeingia hewani tangu ulipofuta, hawezi tena kuifungua picha ile ndani ya WhatsApp. La pili ni gumu. Hakuna mahali WhatsApp inapokuonyesha nani amehifadhi, na ile 31 si hesabu ya watu wenye picha. Wengi katika hao 31 hawana kitu, na inawezekana yupo mwenye nayo ambaye jina lake halikuwahi kutokea kwenye orodha yako. Nitakueleza kwa nini, kisha tutazame unachoweza kufanya leo, maana kuna jambo moja linaloisha muda wake saa kumi na moja jioni.

Wengi tunaichukulia stetasi kama tangazo la ukutani: ukilibandua, limekwisha. Ilivyo hasa, ni ujumbe uliotumwa kwa kila mtu uliyemruhusu kuona stetasi zako na ambaye naye ameihifadhi namba yako. Simu ya mteja wako wa Kiboriloni inaipokea picha, inaiweka kwenye hifadhi yake yenyewe, halafu inamwonyesha kutoka humo. Ndiyo maana akiirudia mara ya pili haimli bando. Kwa hiyo ulipobonyeza Delete hukubandua chochote. Simu yako ilituma agizo kwenda kwenye simu zote zile kwamba picha hii iondolewe. Ili picha iondoke kweli, agizo lazima litoke kwako, lifike kwake, na programu iliyolipokea ikubali kulitii. Na hata likitiiwa, linagusa ile nakala ya WhatsApp tu. Nakala iliyokwisha kuhamishwa mahali pengine haimo kwenye mkono wake.

Kutoka kwako, naamini lilitoka, kwa sababu uliweza kuona idadi ya walioangalia ikipanda, maana yake ulikuwa hewani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu akishtuka anazima data, anawasha hali ya ndege, au anaiondoa WhatsApp nzima kwenye simu akidhani anakata njia. Picha imeshasambaa kwenye simu za watu, alichokikata ni njia ya agizo lake mwenyewe. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye bando lake limekata dakika ileile: kwenye simu yake stetasi inaonekana imetoweka, lakini wenzake bado wanaitazama mpaka atakapojiunga tena. Njia sahihi kwenye Android ni kuingia Updates, kugusa My status, kugusa nukta tatu zilizo pembeni ya picha husika, kuchagua Delete, na kuthibitisha Delete mara ya pili. Kwenye iPhone fungua stetasi yenyewe, gusa nukta tatu, kisha Delete. Baada ya hapo acha data ikiwa wazi dakika kadhaa. Dalili ya uhakika ni kuomba simu ya mtu wa karibu ambaye huwa anaona stetasi zako, na kwa hali yako huyo ni mume wako. Kama kwake picha nne za magauni zipo na ya tano haipo, agizo lilitoka.

Kuna jambo jema katika kufuta stetasi ambalo ujumbe wa kawaida hauna. Ukifuta ujumbe kwenye maongezi, panabaki maandishi yanayosema ujumbe umefutwa, na mtu anaanza kuuliza ulikuwa nini. Stetasi ikifutwa haiachi alama kwa mtazamaji wala haimpi taarifa.

Kufika kwa mwenzako kunategemea simu yake. Aliyekuwa amezima simu tangu kabla ya saa mbili na dakika kumi, akaiwasha asubuhi, hataiona. Mwenye wasiwasi kidogo ni yule aliyeipokea picha, kisha bando likamwishia kabla ya saa mbili na dakika hamsini na mbili. Huyo anaweza kuendelea kuiangalia hata baada ya wewe kufuta, mpaka arudi hewani au saa 24 ziishe. Katika mji wa watu wanaonunua bando la saa moja moja, watu wa namna hiyo wapo. Lakini hawa ni tatizo la muda mfupi, leo usiku litakuwa limejimaliza.

Ugumu unaanzia kwenye utii. Agizo lako linafanya kazi kwa sababu WhatsApp rasmi imetengenezwa ilitii. WhatsApp GB na ndugu zake, zile zinazosambazwa kwa mkono na mitandaoni nje ya Play Store, zimetengenezwa na watu wengine, na mojawapo ya mambo yanayowavutia watumiaji wake ni uwezo wa kulikataa agizo hilo. Mwenye GB anaweza kuweka stetasi zilizofutwa ziendelee kuonekana kwake, anaweza kupakua stetasi ya mtu kwa kugusa kitufe kimoja, na anaweza kuangalia bila jina lake kuonekana kwenye orodha yako. Akiwa amewasha yote matatu, huyo kwako ni kama hayupo, na picha anayo. Kutoka upande wako hakuna njia ya kumtambua. Ila wateja na marafiki huwa hawafichi: aliyewahi kukwambia "ile meseji uliyofuta nimeisoma," akakutajia na maneno yenyewe, huenda anatumia programu ya aina hiyo. Kumbuka nani amewahi kukwambia hivyo.

Sasa nakala zilizohama. Kwenye simu za Android, stetasi ambayo mtu ameiangalia inakaa ndani ya folda iliyofichwa. Nukta iliyo mbele ya jina ndiyo inayoificha:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/.Statuses
```

Kwa anayetumia WhatsApp ya biashara njia ni hii:

```
Android/media/com.whatsapp.w4b/WhatsApp Business/Media/.Statuses
```

Programu zote zile za kuhifadhi stetasi zinafanya kazi moja: zinachungulia folda hii na kunakili kilichomo kwenda kwenye folda yao, ambayo inaonekana kwenye Gallery kama picha nyingine yoyote. Agizo lako la kufuta linasafisha `.Statuses` na kuishia hapo. Folda ya programu nyingine haiijui.

Na hapa biashara yako inakuweka pabaya kuliko mwalimu au muuguzi. Wateja wa mitumba wana tabia ya kuhifadhi stetasi, tena kwa nia njema: anaona gauni, analihifadhi, anamtumia dada yake Arusha amuulize kama linamfaa. Baadhi ya programu hizo zinaweza kuwekwa zihifadhi zenyewe kila kinachoonekana, bila mtu kubonyeza. Mteja wa namna hiyo anaweza kuwa na kitambulisho chako kwenye simu bila hata kujua, kimekaa katikati ya magauni na viatu. Ninaona hao ndio wa kuwashughulikia kwanza, kwa sababu ndio wanaopatikana na ndio watakaokubali kufuta ukiwaomba.

Skrinshoti ni rahisi zaidi na haihitaji programu. Pengine umesikia kwamba WhatsApp inazuia skrinshoti. Inazuia kwa picha zinazotumwa kuangaliwa mara moja tu, zile za View once. Kwenye stetasi hakuna kizuizi hicho, na mtu akiipiga hupati taarifa yoyote. Kwenye iPhone, ambako folda niliyoitaja haifunguliwi na mtumiaji, skrinshoti na kurekodi skrini ndizo njia za kawaida. Na aliyekuwa anatazama kwenye kompyuta hahitaji zaidi ya hivyo.

Kuna nakala moja ambayo watu hawaifikirii, nayo unaweza kuikagua mwenyewe sasa hivi. Mtu akijibu stetasi yako, jibu lake linaingia kwenye maongezi yenu likiwa limebeba kipicha kidogo cha stetasi aliyoijibu. Ukiifuta stetasi, kile kipicha kinabaki, kwake na kwako. Pitia maongezi ya jana kati ya saa mbili na dakika kumi na saa tatu usiku. Kama kuna aliyeandika "hongera kwa mkopo" au "dada hii umekosea," tazama kipicha kilicho juu ya maneno yake. Unachokiona wewe ndicho anachokiona yeye. Kwa picha ya karatasi, mara nyingi kinakuwa kidogo na chenye ukungu kiasi kwamba namba hazisomeki. Ingekuwa stetasi ya maandishi, maneno yenyewe yangebaki palepale na kusomeka. Kikisomeka, mwombe afute jibu lake, kwa sababu ujumbe ni wake. Wewe ukiufuta unaondoka kwako tu.

Na kama uliwahi kuunganisha stetasi zako ziende pia Facebook, fungua Facebook ukaangalie. Ikishafika kule inakuwa kitu kinachojitegemea. Kuifuta WhatsApp hakuigusi, na itakaa saa 24 zake zote usipoifuta kwa mkono.

Turudi kwenye ile 31. Ulipofuta stetasi, orodha ya majina iliondoka nayo, na hairudi. Ndiyo maana, kwa picha nzito kama hii, nashauri sekunde tano za kwanza ziende kwenye kugusa alama ya jicho, kupiga skrinshoti ya majina, kuteremka chini na kupiga ya pili, ndipo ufute. Watu wengi watakwambia futa kwanza. Ingekuwa dakika ya kwanza na walioangalia wawili, ningekubaliana nao. Katika dakika ya 42, sekunde tano hazibadilishi kitu, na orodha ile ndiyo karatasi pekee unayobaki nayo mkononi.

Hata hivyo hujakosa kila kitu, kwa sababu ya yale magauni manne. Uliyaweka saa kumi na moja jioni, kwa hiyo bado yanaishi mpaka leo saa kumi na moja jioni, na kila moja lina orodha yake ya walioangalia pamoja na muda. Stetasi za mtu mmoja zinaonyeshwa kwa mfululizo, kuanzia ya zamani ambayo mtazamaji hajaiona. Fungua gauni la nne, lile la mwisho, gusa jicho, na utafute majina ambayo muda wake ni kati ya saa mbili na dakika kumi na saa mbili na dakika hamsini na mbili. Mtu aliyetazama gauni la nne saa mbili na nusu, kilichofuata kwenye skrini yake, kama hakutoka, kilikuwa kitambulisho chako. Saa ya simu itakuonyesha 20:10 hadi 20:52, au 8:10 PM hadi 8:52 PM. Piga skrinshoti za orodha hiyo kabla jioni haijafika.

Ipe orodha hiyo uzito wake halisi. Aliyetazama magauni saa kumi na mbili jioni, akarudi saa mbili na nusu kuona kilichoongezeka, kwenye gauni la nne atabaki na muda wake wa kwanza. Kwa hiyo jina la saa kumi na mbili halimwondoi mtu kwenye shaka. Jina la saa mbili na nusu ndilo linalomwingiza. Ukipata majina 12 kati ya 31 umefanya vizuri.

Na wapo ambao hawatakuwemo kwenye orodha yoyote. Aliyezima Read receipts ndani ya Settings, Privacy, yaani aliyeondoa tiki za bluu, anaangalia stetasi bila jina lake kukufikia. (Ukizima wewe, na wewe huoni wa kwako, ndiyo maana mfanyabiashara asizime.) Aliyetazama akiwa amekata data, kwa picha iliyokuwa imeshaingia kwenye simu yake, taarifa yake inasubiri mpaka arudi hewani, akirudi wakati wewe umeshafuta, hakuna tena pa kuipokelea. Ongeza wale wa GB. Kwa sababu hizi zote, 31 ni kiwango cha chini cha waliotazama. Waliohifadhi ni kundi jingine kabisa, dogo zaidi, linaloingiliana na la kwanza kwa kipande.

Ukishapata majina, nakusihi usiweke stetasi ya kuomba radhi wala kutangaza kwenye kundi la wateja kwamba "kuna picha yangu imevuja, mwenye nayo afute." Mia kadhaa ambao hawakuwa na habari wataanza kuulizana, na yule ambaye programu yake ilihifadhi yenyewe ataenda kuitafuta. Mwandikie mmoja mmoja, na uanze na wale unaojua wanahifadhi magauni yako. Maneno machache yanatosha: "Habari dada. Jana usiku kuna picha ya karatasi zangu iliingia stetasi kwa bahati mbaya. Kama ile programu yako ya kuhifadhi stetasi imeichukua, naomba unifutie, na kwenye Trash pia. Asante sana." Hiyo Trash ni ya lazima. Picha iliyofutwa kwenye Google Photos inakaa humo siku 60 kama ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti, siku 30 kama haikuwa. Kwenye iPhone inakaa Recently Deleted siku 30.

Kwa rafiki wa karibu mwenye Android aliye tayari kukuonyesha simu, mnaweza kuhakikisha pamoja. Fungueni Files by Google, mruhusu faili zilizofichwa zionekane kwenye mipangilio yake, kisha mfuate ile njia niliyoiandika juu mpaka `.Statuses`. Majina ya faili ni mchanganyiko wa herufi na namba usioeleweka, kwa hiyo yapangeni kwa muda na mtazame ya jana usiku. Yale magauni mtayakuta. Kitambulisho hakitakiwi kuwemo. Kikiwemo, kifuteni hapohapo. Halafu mrudi nyuma mtazame Gallery nzima kwa tarehe ya jana, mkianzia na folda ya programu ya kuhifadhi stetasi, ndipo folda ya skrinshoti. Jaribu kwanza kwenye simu ya mume wako ili uijue njia.

Huwezi kuwafikia wote, na hapo ndipo unapaswa kuacha kufikiria simu za watu na kuanza kufikiria picha yenyewe: mwenye nayo anaweza kusoma nini? Jipime hivi. Ndani ya WhatsApp jitumie picha ileile kwenye maongezi yako mwenyewe, kwa ubora wa kawaida, usichague HD. Ifungue na uikuze kwa vidole. WhatsApp inapunguza ubora wa picha za stetasi kwa namna inayokaribiana na hiyo, kwa hiyo usichoweza kukisoma hapo, hata yeye atapata shida kukisoma. Andika kwenye karatasi vitu vinavyosomeka. Kama kitambulisho kimelala juu ya fomu, huenda kimeziba nusu ya maelezo ya mkopo, na hiyo ni nafuu kwako.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kwa hiyo aliyeisoma amepata vitu viwili kwa mkupuo. Kinachopaswa kukutuliza kidogo ni kwamba namba peke yake haitoshi kusajili laini ya simu kwa njia halali, kwa sababu usajili unataka alama ya kidole. Hata hivyo hakiki. Piga `*106#` uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kama una laini za mitandao miwili, fanya kwa kila laini. Rudia baada ya wiki mbili, na tena baada ya mwezi. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako, na uombe ifungwe.

Nina wasiwasi zaidi na fomu kuliko kitambulisho. Fomu ya mkopo inabeba kiasi unachoomba, jina la anayekukopesha, namba yako ya simu, na majina ya wadhamini wako pamoja na namba zao. Hayo yanamtosha tapeli kupiga simu inayoaminika: anakutaja kwa majina matatu, anataja kiasi sahihi, anasema mkopo umepita na kinachobaki ni ada ya kushughulikia faili, itume kwenye namba hii. Anayepiga simu kwa kubahatisha unamtambua mara moja, lakini huyu anajua shilingi uliyoandika. Leo mpigie afisa anayeshughulikia mkopo wako, au mfuate ofisini, umwambie nakala ya fomu imeonekana na watu. Mkubaliane kwamba hakuna malipo yoyote utakayofanya kwa maelekezo ya simu. Kama ofisi iko tayari, omba ujaze fomu upya na ile ya kwanza ifutwe. Namba itakayokupigia kwa hila, itume kwenda 15040. Na ikitokea mtu ameisambaza picha kwa makusudi, ukaikuta kwenye kundi, usianze kugombana naye humo: piga skrinshoti zinazoonyesha jina la kundi, namba ya aliyetuma na muda, uende nazo polisi ufunguliwe RB. Unaweza pia kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2022.

Neno kuhusu ilivyotokea, maana itatokea tena. Unapofungua picha kwenye Gallery na kuituma WhatsApp, orodha inayokuja huweka My status juu kabisa, kabla ya majina ya watu. Kidole kikiteleza, au jina la mume wako likiwa la kwanza chini yake, umeshachagua stetasi. Karatasi muhimu usizitume kwa njia hiyo. Anzia upande wa pili: fungua kwanza maongezi ya mume wako, gusa alama ya kibanio, uchukue picha kutoka humo. Ukiwa ndani ya maongezi ya mtu mmoja, picha inakwenda kwake. Kama jana uliweka tiki kwa mwingine zaidi ya stetasi, angalia maongezi yako yote ya muda ule. Kwa ujumbe uliotumwa kwenye maongezi, Delete for everyone inafanya kazi kwa muda wa siku mbili na ushee tu.

Unaweza pia kupunguza wanaoona stetasi kupitia Settings, Privacy, Status. My contacts except inawaacha nje wachache, Only share with inawaruhusu wachache. Lakini ujue mabadiliko hayo yanahusu stetasi zijazo. Iliyokwisha kutumwa haiyafuati, kwa hiyo kumwondoa mtu leo hakumnyang'anyi alichopokea jana. Kwa mtu anayeuza kila siku kama wewe, ningetenganisha: namba ya duka iwe WhatsApp ya biashara na stetasi zake za magauni, na namba ya nyumbani iwe na watu wasiozidi ishirini au thelathini. Kidole kikiteleza kwenye namba ya nyumbani, watakaoona ni wifi na shemeji.

Kwa leo, nenda kwa mpangilio huu. Orodha za magauni kabla ya saa kumi na moja jioni. Kisha simu kwa afisa wa mkopo. Kisha wadhamini wako, uwapigie wewe mwenyewe kwa sauti, wasipate habari kwa mtu mwingine: namba zao zilikuwa kwenye fomu ile, na wao hawana namna ya kujua kwamba zimeonekana.